Tangazo Halilegei kwa Emoji

Miongoni mwa maswali ya maofisa uhusiano wanaotakiwa kuhamishia tangazo rasmi la kampuni kwenye mitandao ya kijamii, hakuna linalorudiwa kwa ukaidi kuliko lile la idadi: emoji ngapi zinatosha, na maneno mangapi ya mtaani yatiwe ili vijana wasipite bila kusoma. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa linachukulia urasmi kuwa vazi la juu, ilhali urasmi wa Kiswahili cha ofisini umo katika sarufi yenyewe na hauondoki kwa kubandikwa vikaragosi.

Uchukuliwe mfano wa tangazo la kampuni ya maji lililoandikwa kwa mtindo uliozoeleka: «Uongozi wa kampuni unapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa, kufuatia matengenezo ya bomba kuu, kutakuwa na usitishwaji wa huduma ya maji katika maeneo ya Sinza, Mwenge na Kijitonyama siku ya Alhamisi, tarehe 14, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.» Mkazi wa Sinza hupita maneno 24 kabla ya kuliona jina la mtaa wake. Zaidi ya hapo, yeye hasemeshwi bali anasemwa, kwa kuwa ameitwa «wateja wake», nafsi ya tatu. Na «usitishwaji», yaani nomino iliyochongwa kutoka kitenzi, inamficha mtendaji hata ikaonekana kana kwamba maji yamejifunga yenyewe.

Tiba inayopendwa ni kuandika «Mambo vipi wana, Alhamisi maji noma, jipangeni!» na kumalizia kwa matone matatu ya maji, uso unaolia na spana. Tiba hiyo imeondoa saa na mitaa, yaani kila kitu ambacho msomaji alikihitaji, na kuweka mahali pake neno «noma», ambalo kwa mmoja ni balaa na kwa mwingine ni sifa. Maneno ya mtaani huzeeka haraka na huwa na mipaka ya mji: «buku» ni shilingi 1,000 kwa mkazi wa Dar es Salaam, lakini anayekijua Kiswahili cha kamusi tu atamfikiria panya mkubwa, na tangazo la bei halina ruhusa ya kubahatisha kiasi hicho. Emoji nazo hazionekani sawa kwa wote, kwani kampuni mbalimbali huzichora kila moja kwa namna yake. Baada ya Apple kuigeuza emoji ya bastola kuwa ya kuchezea maji mwaka 2016, alama ileile iliendelea kuonekana kama silaha halisi kwenye simu nyingine hadi nazo zilipobadilishwa. Aidha, asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, ambayo hutamka jina la kila emoji, kwa hiyo matone matatu humfikia kama kelele.

Ulegevu halisi hupatikana kwa kubadilisha nafsi, vitenzi na mpangilio:

«Alhamisi, tarehe 14, hakutakuwa na maji Sinza, Mwenge na Kijitonyama, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Tunabadilisha kipande cha bomba kuu. Jaza ndoo na madumu Jumatano usiku. Samahani, tunajua itakuwa siku ngumu. Maji yakichelewa kurudi, tutasema hapa hapa.»

Hakuna neno la mtaani wala emoji hata moja, na bado anasikika mtu akizungumza. «Jaza» imewekwa katika umoja kwa sababu kila mtu husoma peke yake simuni, ilhali «jazeni» hunukia mkutano wa hadhara. «Tunabadilisha kipande» halikubuniwa na mwandishi: ilibidi fundi aulizwe «matengenezo» maana yake nini, na asipojibu, neno la awali libaki.

Yaliyosalia ni machache. Tarehe isigeuzwe «kesho», kwa sababu mtandao unaweza kumwonyesha mtu chapisho la juzi. Chanzo kikiwa cha Kiingereza, saa nane ya asubuhi ya Kizungu iandikwe saa 2, kwani kosa la kutoigeuza humkatia msomaji maji katika saa asiyoitarajia. Emoji, ikilazimu, iwe moja, ikae mwisho wa sentensi na isichukue nafasi ya neno. Katika msiba, kupunguzwa kwa wafanyakazi au kupandishwa kwa bei isiwepo kabisa. Neno la mtaani lipite ikiwa hata mzee wa mtaa huo hulitumia. Nakala rasmi iachwe kama ilivyo kwenye tovuti, kwa kuwa mteja atakayedai fidia ataitafuta hiyo, na majina ya mitaa na saa katika nakala zote mbili yalinganishwe moja baada ya jingine kabla ya kuchapisha.