Mwenye Nyumba Alisema, Mpangaji Alisema

Chukua ugomvi wa kodi mlangoni, kama ungeandikwa na mtu anayeanza kutunga hadithi:

"Kodi yangu iko wapi?" alisema mwenye nyumba.
"Nivumilie mpaka Ijumaa, baba," alisema Zuhura.
"Ijumaa ipi?" alisema.
"Hii hii inayokuja," alisema.

Kufikia mstari wa tatu msomaji anahesabu zamu kwa vidole, maana "alisema" ni la baba na la binti vilevile. Sauti nazo hazisikiki. Sasa badilisha vitenzi: mwenye nyumba *alifoka*, Zuhura *alimsihi*, mwenye nyumba *alimdakia*. Huyo wa tatu hahitaji tena kutajwa jina, kwani anayesihi hawezi kuwa ndiye anayedakia. Mstari wa nne uache bila kitenzi chochote. Zamu ni ya Zuhura na kila mtu anajua.

Rudi kwenye mstari wa kwanza, uandike *alimnong'oneza* badala ya *alifoka*. Maneno ya mwenye nyumba hayakuguswa, lakini hadithi imegeuka. Kwa nini anong'one? Pengine Zuhura ana wageni sebuleni, wakwe labda, na mzee anamsitiri. Au anamtisha kimyakimya. Hapo kitenzi kimefanya kazi ambayo maneno yenyewe yasingeweza, na hapo ndipo kubadilisha kuna faida. Kama mtu amepiga kelele "Toka nyumbani kwangu!", kuongeza *alifoka* ni kurudia lililokwisha kusikika.

Vipo vitenzi vinavyobeba hukumu ya msimulizi. Ukiandika kwamba Zuhura *alidai* mshahara umechelewa, tayari umemtilia shaka. Ukiandika *aliropoka*, umemwona hana busara. Vitumie pale tu unapotaka msomaji amwone hivyo.

Kosa linalonikera zaidi ni "Karibu ndani," *alitabasamu* Zuhura. Tabasamu halitoi maneno. Andika "alisema huku akitabasamu", au weka nukta baada ya maneno yake, kisha: Zuhura alitabasamu. *Alinung'unika*, *alikemea* na *alibwata* havina tatizo hilo, kwa sababu ni vitendo vya sauti.

Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Elmore Leonard, alipochapisha kanuni zake kumi katika gazeti la New York Times mwaka 2001, aliwakataza waandishi kutumia kitenzi kingine chochote zaidi ya "alisema". Kwake, kitenzi cha pembeni ni mwandishi anayejipenyeza kwenye maongezi ya wahusika. Lakini Kiingereza chake kina kiwakilishi cha mwanamume na kingine cha mwanamke, kwa hiyo baba na binti hawachanganyiki. Sisi hatuna hicho. Hata hivyo, ukurasa ambao kila mtu anafoka, anabwata na kung'aka mfululizo unamchosha msomaji kuliko ule wenye "alisema" kumi, na katika hilo Leonard alikuwa na haki.