Saa moja, lugha mbili

Muuguzi mmoja wa Morogoro anajifunza Kijerumani ili afanye mtihani wa ngazi ya B1, na baadaye B2, ngazi ambayo kwa kawaida hudaiwa mtu anayetaka kufanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Darasani anasoma na kuandika vizuri, ila hana wa kuzungumza naye. Kule Leipzig yupo mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma Kiswahili, naye ana shida hiyo hiyo. Watu wa namna hii wakikutana, kila mmoja huwa mwalimu na mwanafunzi kwa zamu. Wajerumani wenyewe huita mpango huu tandemu, na ulikuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika mikutano ya vijana wa Ujerumani na Ufaransa. Nimewachukua wawili hawa kama mfano, kwa sababu mambo yanayofaulisha au kuharibu mpango huu yanaonekana kwao waziwazi.

Kila kitu huanza na ujumbe wa kwanza. Kijana wa Leipzig aliuandika kwa Kijerumani, na kwa Kiswahili unasomeka hivi:

"Habari za huko. Ninasoma Kiswahili chuo kikuu, mwaka wa pili. Hadithi fupi ninaielewa nikiwa na kamusi, lakini mtu akizungumza kwa kasi ya kawaida ninaachwa nyuma. Mwezi wa Septemba nitakuja Morogoro kwa miezi mitatu, na nitahitaji kutafuta chumba, kupanda daladala na kuongea na wenyeji. Ninatafuta mtu anayejifunza Kijerumani tuzungumze kila Jumanne kwa saa moja, nusu kwa Kijerumani na nusu kwa Kiswahili. Naomba unisahihishe ngeli kwanza, makosa mengine yasubiri. Ninatafuta mwenza wa masomo tu, si mchumba. Tujaribu wiki nne, kisha tuamue kama tunaendelea. Wewe unajifunza Kijerumani kwa ajili ya nini, na ungependa tuanze na mada gani?"

Ujumbe huu una nguvu kwa sababu unajibika. Anayesema tu kwamba anapenda utamaduni wa Kiafrika na angependa rafiki wa kuzungumza naye humwacha msomaji asijue aanzie wapi. Huyu ametaja anachoweza na kinachomshinda, ametaja siku, ametaja namna anavyotaka kusahihishwa, na mwisho ameuliza maswali mawili. Hayo majaribio ya wiki nne nayo ni ya maana sana, kwani yanampa kila mmoja mlango wa kutokea bila kumvunjia mwenzake heshima.

Jambo moja tu lilikosekana. Chini ya maneno ya Kijerumani angeongeza mistari mitano ya Kiswahili aliyoiandika mwenyewe, pamoja na makosa yake. Muuguzi angeisoma akaona papo hapo kijana amefika wapi. Ndiyo maana nashauri sehemu hiyo mtu asimpe mwingine amtafsirie. Tafsiri safi humfanya mwenza amdhanie msemaji hodari, na siku ya kwanza ataongea naye kwa kasi asiyoiweza.

Muuguzi alipojibu, alitaja lengo lake na kupendekeza mada, kisha likaja suala la saa. Hapa wengi hukosana kabla hawajaanza. Tanzania iko mbele ya Ujerumani kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, maana Wajerumani husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tena, ukimwandikia mgeni "saa mbili usiku" anaweza kukungoja saa nane za usiku wako. Andikeni kwa tarakimu: 20:00 Morogoro, 18:00 Leipzig. Machi ikiisha, 20:00 ile ile ya Morogoro inakuwa 19:00 Leipzig.

Kikao chenyewe kigawanywe kwa saa ya simu inayolia. Dakika tano za salamu, ishirini na tano za lugha ya kwanza, ishirini na tano za lugha ya pili, na tano za kupanga wiki ijayo. Lugha inayotangulia ibadilishwe kila wiki, kwa kuwa nusu ya pili huwakuta watu wamechoka. Bila kengele, mazungumzo huteleza kuelekea lugha ambayo wote wanaimudu zaidi, na kwa wawili hawa ni Kiingereza. Mtu akikwama alieleze jambo kwa njia nyingine. Akishindwa, aulize neno hilo moja, kisha arudi kwenye lugha ya zamu. Mtandao ukikatakata, zimeni video mbaki na sauti.

Mada isiwe "tuzungumze kuhusu chakula." Mada ya aina hiyo huisha kwa dakika sita. Afadhali pawe na kazi ya kufanywa. Wiki ya pili, kwa mfano, muuguzi alijifanya mama mwenye nyumba, na kijana akaja kutafuta chumba. Kijana akaanza: "Habari, ninataka chumba." Maneno yanaeleweka, lakini kwa mama wa makamo yanasikika kama amri. Wakarudia: "Shikamoo mama. Samahani, naomba kuuliza kama kuna chumba cha kupanga." Wakaendelea hadi kodi, umeme na maji. Zamu ya Kijerumani ilipofika, kijana akawa muuguzi anayeingia zamu ya usiku, na mwenzake akamkabidhi wagonjwa: nani amepewa dawa, nani ana homa, nani asile kabla ya upasuaji. Wiki nyingine walipanga pamoja sherehe ya kumuaga mfanyakazi, kwa kuwa katika mtihani wa kuzungumza wa Taasisi ya Goethe ngazi ya B1, sehemu ya kwanza ni watahiniwa wawili kupanga jambo pamoja.

Kusahihisha ndiko kunakohitaji busara kubwa. Ukimkatiza mtu kila sentensi, atanyamaza. Ukimwacha tu, atakariri kosa. Mwenza aandike makosa wakati mwingine anaongea, na akatize tu pale maana inapopotea. Zamu ikiisha, achague matatu, si zaidi. Kijana alisema, "Vitabu zangu iko mezani," na pia, "Nilienda na basi." La pili lilikwisha haraka: kwa basi. La kwanza lilihitaji muda. Muuguzi hakuwa na kanuni ya ngeli kichwani, na hakulazimika kuwa nayo. Alimpa mifano: vitabu vyangu viko mezani, viatu vyangu viko mlangoni, viti vyangu viko nje. Kisha akamtaka aendelee mwenyewe na vyombo, vitanda na vikombe. Kanuni kijana ataikuta kwenye kitabu cha sarufi. Alichokikosa pale ni sikio.

Katikati ya wiki kila mmoja hutuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili katika lugha anayojifunza, akitumia yale masahihisho matatu ya Jumanne. Mwenzake hujibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa ufupi.

Ili wiki ya nne waamue kwa haki, walirekodi kikao cha kwanza kwa makubaliano yao, na cha nne pia. Wakisikiliza, watafute mambo mawili. La kwanza, je, anayejifunza ndiye aliyeongea zaidi katika zamu yake? Mara nyingi mwenye lugha ndiye anayehodhi dakika, na akiwa na maneno mengi mwenzake anageuka msikilizaji. La pili, je, makosa ya wiki ya kwanza bado yapo? Kama "vitabu zangu" inasikika tena, wapunguze mada mpya na wazirudie zile za zamani. Kama zamu ya Kijerumani imekuwa ikiliwa na ya Kiswahili, muuguzi aseme bila kuogopa, na Jumanne inayofuata aanze yeye.