Ukingo Mweusi Unaoipofusha Mashine

Machi 15, 2019, mtu mwenye bunduki alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch, Nyuzilandi, akayarusha mauaji hayo mubashara kwenye Facebook. Watu 51 walikufa. Katika saa 24 za kwanza kampuni hiyo iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile. Zaidi ya milioni 1.2 zilizuiwa zikiwa zinapakiwa; zilizobaki zilipenya kwanza.

Zilipenyaje? Kompyuta haitazami picha kama sisi. Njia moja inayotumika sana huisinyaza picha hadi vijimraba 72, safu nane zenye vijimraba tisa kila moja, huondoa rangi, kisha hupima kama kila kijimraba kinang'aa kuliko jirani yake. Majibu 64 ya ndiyo au hapana ndiyo alama ya picha hiyo. Chengachenga nyepesi haziisumbui sana njia hii, maana humezwa picha inaposinywa. Ukingo mpana mweusi ni balaa: kila kitu kinasogea, majibu yanageuka, na picha ileile inaonekana ngeni. Wengine waliirekodi video upya kutoka kwenye skrini. Facebook ilihesabu matoleo zaidi ya 800 yenye mwonekano tofauti.

Ukilegeza kipimo, unanasa picha zisizo na hatia. Tena alama haitofautishi mshangiliaji na mwandishi wa habari anayeonyesha kipande kifupi. Hapo lazima mtu atazame. Akithibitisha toleo jipya, alama yake huingizwa kwenye orodha, na nakala zake zinazofuata huzuiwa pasipo mtu mwingine kulazimika kuyaona mauaji yale.