Mashine ya Kutosha Duka la Vitenge

Tuseme duka la vitenge la Kariakoo lina tovuti ya kupokea oda, iliyoandikwa kwa PHP na kutunza data zake kwenye MySQL. Mwenye duka anataka kukodi mashine pepe, yaani sehemu ya kompyuta kubwa inayogawanywa kwa wapangaji wengi. Ameonyeshwa bei ya mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, ya 2 na ya 4. Wengi hukimbilia kuuliza idadi ya prosesa. Mimi huanza na kumbukumbu: prosesa ikizidiwa, wateja husubiri, kumbukumbu ikiisha, tovuti huanguka.

Tovuti ikijaribiwa kwanza, vipimo hupatikana. Hapa tuseme Linux inachukua megabaiti 250 na MySQL 450. Kila mteja anayehudumiwa kwa wakati mmoja na wenzake anahitaji mchakato wake wa PHP, na kila mchakato unakula 60. Kwenye gigabaiti 1 zinabaki kama megabaiti 320, michakato mitano tu. Siku ya ofa wakija kumi kwa pamoja, na PHP ikiwa imeruhusiwa kuwafungulia wote, Linux italazimika kuua programu moja ili ijiokoe. Mara nyingi huua ile kubwa kuliko zote, nayo ni MySQL. Mteja ataona ujumbe kwamba tovuti imeshindwa kufikia data, na fundi atahangaika bure na nywila. Ushahidi uko hapa:

```
dmesg | grep -i "out of memory"
```

Jina `mysqld` likitokea kwenye majibu, tatizo ni kumbukumbu.

Kwenye gigabaiti 2 zinabaki kama 1,340. Ziachwe 300 za akiba, ambazo Linux huzitumia kuharakisha usomaji wa diski, na michakato 16 itaenea vizuri. Idadi hiyo lazima iandikwe kwenye `pm.max_children`, la sivyo PHP inaweza kuvuka mpaka hata kwenye mashine kubwa zaidi.

Prosesa haitusumbui sana hapa. Ukurasa mmoja ukitumia sehemu ya kumi ya sekunde, prosesa moja inamudu kurasa kumi kwa sekunde, na duka hili halifiki hata tatu. Ila ukifungua `top` ukakuta namba iliyo kando ya `st` iko juu muda mrefu, wapangaji wenzako wanakubana. Kuongeza kumbukumbu hakutasaidia.

Diski nayo: mfumo gigabaiti 4, picha 6,000 za kilobaiti 300 hazifiki 2, data nusu. Gigabaiti 25 zinatosha, mradi nakala za akiba zitunzwe kwingine na faili za matukio zifutwe kwa ratiba, maana diski ikijaa MySQL haiandiki oda tena. Kwa kawaida diski huongezwa kwa urahisi, lakini kuipunguza humaanisha kuhamia mashine mpya. Kwa hiyo ningemchagulia prosesa 1, kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya 25, kisha nitazame safu ya `available` katika `free -m` jioni ya siku ya ofa.