Swichi Isiyochoka na Hesabu ya Mzunguko Mmoja

Swichi inawaka sekunde moja, inazima sekunde moja, bila kukoma. Inapeleka volti 1 kwenye rezista na kapasita ambazo zao la thamani zake ni sekunde 1. Je, volti ya kapasita itakuwaje?

Mgeuzo wa Laplace hauhitaji kufuata kila mpigo. Unatafuta integrali ya kipindi kimoja tu, kisha unaigawa kwa 1 − e^(−2s), kwa kuwa kipindi ni sekunde 2:

F(s) = (1 − e^(−s)) / [s(1 − e^(−2s))] = 1 / [s(1 + e^(−s))]

Mwanafunzi akisahau kugawa, amepata mpigo mmoja pekee. Kuna njia ya kukagua: s ikikaribia sifuri, sF(s) iwe wastani wa wimbi, yaani 1/2.

Sakiti inazidisha F(s) kwa 1/(s + 1). Sehemu ya 1/(1 + e^(−s)) hufunguka kuwa 1 − e^(−s) + e^(−2s) na kuendelea. Kila e^(−s) ni ucheleweshaji wa sekunde moja. Hivyo kapasita inafika volti 0.632 sekunde ya kwanza, inashuka hadi 0.233, inapanda hadi 0.718. Hatimaye inatulia ikipanda na kushuka kati ya 0.269 na 0.731.