Silabi isiyohesabiwa

Mwambie mtu asome kwa sauti: "Barabara hii imetengenezwa barabara." Tahajia haimsaidii, maana maneno hayo mawili yanaandikwa vilevile. Hata hivyo Mswahili hatayasoma sawa. La kwanza, njia ya magari, atalikaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: bara-BA-ra. La pili, lenye maana ya sawasawa, atalirudisha nyuma silabi moja: ba-RA-bara.

La kwanza halina taabu. Kila aliyepita darasa la Kiswahili anajua kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza silabi nao husogea: ki-TA-bu, kita-BU-ni. Hata ile m ya "mtu" ni silabi kamili, na kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho, ndiyo inayobeba mkazo. Wanaisimu huieleza kanuni hii bila kuhesabu "ya pili". Wanasema sauti hupangwa kwa ngazi: silabi hukusanywa katika futi, futi katika neno, maneno katika kirai, mpaka tamko zima. Marina Nespor na Irene Vogel walizichambua ngazi hizi kwa kirefu katika kitabu chao cha 1986. Futi ya Kiswahili ina silabi mbili, ya kwanza ikiwa na nguvu, na hujengwa kuanzia ukingo wa kulia wa neno. Basi njia ya magari inakuwa ba.ra.(BA.ra). Mabano yanaonyesha futi, herufi kubwa mkazo.

Sasa jenga la pili kwa kanuni hiyohiyo. Utapata tena BA, na hivyo sivyo tunavyosema. Tunaweza kubuni kanuni mpya ya "silabi ya tatu kutoka mwisho", lakini hakuna haja. Iache ile ile, ila kabla ya kuanza, silabi ya mwisho iwekwe nje ya hesabu: ba.ra.ba.[ra]. Zilizobaki ni tatu. Jenga futi ya silabi mbili kutoka kulia: ba.(RA.ba).[ra]. Mkazo umefika penyewe.

Silabi hiyo haijafutwa. Tunaitamka vizuri tu. Kilichotokea ni kwamba imeruka ngazi moja: badala ya kuingia kwenye futi, imejishikiza moja kwa moja kwenye neno. Dhana ya silabi kuwa nje ya hesabu ilitajwa na Mark Liberman na Alan Prince mwaka 1977, kisha Bruce Hayes akaikuza katika tasnifu yake ya Chuo cha MIT ya 1980.

Kwetu hali hii ni ya maneno machache. Katika Kilatini ndiyo sheria ya lugha nzima, ila futi yake hupima uzito: ama silabi nyepesi mbili, ama nzito moja, yaani yenye irabu ndefu au inayofungwa na konsonanti. Chukua "dominus", bwana. Weka "nus" nje; zinabaki "do" na "mi", zote nyepesi, zinafanya futi moja: (DO.mi).[nus]. Katika "amīcus", rafiki, ukiweka "cus" nje unabaki na "mī" yenye irabu ndefu, nayo inatosha kuwa futi peke yake: a.(MĪ).[cus]. Mkazo wa kwanza uko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, wa pili kwenye ya pili, na kanuni ni moja.

Lakini ruhusa hii ina mipaka. Silabi huwekwa nje ikiwa tu iko ukingoni. Waroma walibandika "que" mwisho wa neno kwa maana ya "na", wakasema "dominusque". Hapo anayewekwa nje ni "que". Ile "nus" sasa imo ndani, nayo ni nzito kwa sababu ya s inayoifunga, kwa hiyo inanyakua mkazo: do.mi.(NUS).[que]. Silabi ambayo dakika moja iliyopita haikuhesabiwa sasa ndiyo inayosikika kuliko zote. Mpaka mwingine: neno haliwezi kuwekwa nje lote. "Mens", akili, lina silabi moja tu, hivyo ruhusa inafutwa na silabi hiyo inakazwa.

Wapo watakaosema kwamba kwa Kiswahili haya ni mengi mno, na kwamba inatosha kamusi kuweka alama kwenye maneno hayo machache. Hoja hiyo ina uzito, kwani maneno yenyewe ni haba. Bado nadhani maelezo ya silabi iliyo nje yanashinda, kwa sababu yanaonyesha namna neno la aina hiyo linavyorudi kwenye kawaida: inatosha ile silabi ya mwisho ianze kuhesabiwa. Msikilize "lazima", ambalo asili yake ni Kiarabu. Wapo wanaosema LA-zima, wapo wanaosema la-ZI-ma. Waulize jamaa zako walitamke bila kuwaambia unachotafuta, uone nani anaihesabu ile "ma".