Kumkaribisha mzungumzaji aliyekuzidi umri na cheo

Kwenye makongamano ya vyuo, mahafali na mikutano ya vyama vya kitaaluma, kazi ya kumtambulisha mzungumzaji mkuu mara nyingi huangukia kwa kijana. Anayekaribishwa ni jaji mstaafu, profesa aliyewafundisha walimu wa kijana huyo, au balozi aliyeanza kazi kabla kijana hajazaliwa. Nimekaa na vijana wengi wakiandaa maneno hayo, na karibu wote huogopa jambo lilelile: kuonekana hawana adabu. Kwa hofu hiyo hurundika sifa, na ndani ya sifa hizo ndimo kiburi wasichokikusudia kinamojificha.

Sifa ni hukumu. Anayesema fulani ni hodari anajiweka mahali pa kumpima. Mwalimu humwambia mwanafunzi kwamba amefanya vizuri. Mwanafunzi hamwambii mwalimu hivyo mbele ya darasa. Kwa hiyo kijana anaposema jaji huyu aliandika hukumu nzuri sana, au kwamba mzee huyu pamoja na umri wake bado ana akili timamu, wenye umri wa yule mzee hutazamana. Kijana hakukusudia ubaya, lakini ametoa alama.

Kosa la pili linatoka upande wa pili, na wengi hulidhania ni unyenyekevu: "Mimi ni nani hata nisimame mbele ya mtu mkubwa kama huyu?" Sikiliza sentensi hiyo inamzungumzia nani. Inamzungumzia kijana. Mgeni ameketi akingoja mtu amalize kueleza udogo wake, na akipanda jukwaani inambidi kwanza amtulize, amwambie asiogope, ndipo aingie kwenye mada. Muda wake umeliwa na unyenyekevu wa mwenzake.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Taja alichokifanya, lini na wapi, kisha uwaachie wasikilizaji wapime wenyewe. Ukweli uliotajwa wazi haumpandishi anayeusema wala haumshushi. Tena kumbuka kwamba hukusimama pale kwa jina lako. Umetumwa na wenyeji, na neno "tumemwalika" linakupa haki yote unayoihitaji kusema.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Mwanza amepangiwa kumkaribisha Mama Gertrude Mongella kwenye kongamano la wanafunzi kuhusu wanawake katika uongozi. Rasimu yake ya kwanza, kama ninavyozijua rasimu za namna hiyo, ingekuwa hivi: "Mgeni wetu hahitaji utambulisho. Ni simba jike, ni nguzo ya Afrika, ni mama wa wote. Mimi binafsi namfahamu vizuri na najivunia sana kazi aliyoifanya Beijing. Sasa naomba nimpe dakika ishirini azungumze nasi."

Kila sentensi hapo ina tatizo. Katika ukumbi wa wanafunzi, wengi hawakuwa wamezaliwa mwaka 1995, mkutano wa Beijing ulipofanyika, kwa hiyo mgeni anahitaji sana utambulisho. Kusema hahitaji ni kuwanyima wasikilizaji kile walichokijia. Simba jike na nguzo zinaweza kusemwa juu ya mama yeyote maarufu, na kwa hiyo hazimwelezi huyu. Kusema "namfahamu vizuri" ni kudai ukaribu ambao mgeni hana nafasi ya kuukubali wala kuukana. Na dakika ishirini hazitolewi na kijana mbele za watu. Muda hukubaliwa na mgeni au msaidizi wake siku kadhaa kabla, kwa simu au barua, na jukwaani hautajwi kabisa.

Mimi ningemsaidia aandike hivi:

"Septemba 1995, wawakilishi wa serikali 189 walipitisha kwenye mkutano mjini Beijing mpango wa utekelezaji kuhusu haki na maendeleo ya wanawake. Mpango ule una maeneo 12, na moja kati ya hayo, wanawake katika madaraka na maamuzi, ndilo lililotukutanisha leo. Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania, mzaliwa wa Ukerewe. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Tumemwomba atueleze jambo tusiloweza kulisoma kwenye maazimio: zilifikaje kwenye kauli moja nchi zilizokuja na misimamo tofauti? Wenzangu, tumkaribishe Mama Gertrude Mongella."

Maneno hayo huchukua chini ya dakika moja na nusu kwa mwendo wa kawaida. Hakuna sifa hata moja, lakini ukumbi utajua umepata mgeni wa namna gani. Ona pia kilichoachwa. Mama Mongella aliwahi kuwa waziri, na kwa miaka kumi alikuwa mbunge wa Ukerewe, lakini nyadhifa hizo hazikuingia kwa sababu mada ya siku hiyo haikuziita. Kusoma wasifu wote ukurasa kwa ukurasa huonekana kama heshima, ila jambo la maana huzama katikati ya orodha. Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Linamwonyesha mgeni kwamba wenyeji wamesoma, na linampa pa kuanzia bila kumpangia cha kusema.

Jina lake limewekwa mwisho makusudi, kwa kuwa makofi huja pale jina linapotajwa. Likitajwa mwanzoni, watu hupiga makofi, kisha mgeni hukaa akisikiliza habari zake mwenyewe huku hajui ainuke au angoje.

Kuhusu namna ya kumwita, usibahatishe. Kuna profesa anayependa kuitwa Mwalimu, na kuna mwanasheria ambaye nyumbani ni Mzee lakini kwenye shughuli ya kitaaluma angependa cheo chake kitajwe. Kuna mama anayejisikia nyumbani akiitwa Bi, na mwingine anayeona Bi inampunguzia udaktari alioutafuta kwa miaka. Muulize yeye au msaidizi wake mapema: "Shikamoo Mzee, ungependa tukutambulishe kwa jina na cheo gani? Je, kuna jambo ungependa litajwe, au lisitajwe?" Swali la mwisho huokoa mengi. Nyadhifa nyingine ziliisha kwa uchungu, na mtandaoni hilo halionekani. Msomee pia miaka na majina uliyoyaandika, ayahakiki. Mzee anayeanza hotuba kwa kusahihisha utambulisho wake ameshapoteza dakika zake za mwanzo, nawe huwezi kurudi kwenye kipaza sauti kujitetea.

Shikamoo nayo isemwe mapema, pembeni, mgeni anapofika. Kijana anayemwamkia jukwaani kupitia kipaza sauti humlazimisha ajibu marahaba mbele ya ukumbi mzima, na salamu ya watu wawili hugeuka kuwa maonyesho.

Ukishalitaja jina, usiondoke hapo hapo. Ngoja mgeni afike, mwonyeshe kipaza sauti kinapowashwa, kishushe kama ni mfupi kuliko wewe, hakikisha maji yapo, kisha shuka upande ule asiopandia, msije mkagongana ngazini.